Kila Tarehe Ina Mahali Pake: Kupanga Vikumbusho vya Ada na Fedha kwa Ndugu Walio Ng'ambo

Somo hili ni kwa ajili ya familia ambazo mwanafunzi yuko Tanzania na mlipaji wa ada yake yuko nchi nyingine. Familia za namna hii huwa na vikumbusho kwenye simu, na bado hutokea ada ikachelewa. Mara nyingi kikumbusho kililia kama kilivyopangwa, lakini kililia kwa saa ya mahali pasipohusika. Tutaeleza jinsi ya kuzuia jambo hilo kwa kufuata kanuni moja, kisha tutaitumia kanuni hiyo katika mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kanuni yenyewe

Kila tarehe ina mahali pake. Tarehe ya mwisho ya kulipa ada ni ya mahali chuo kilipo, kwa kuwa ni saa ya huko itakayoamua kama malipo yamewahi au yamechelewa. Hiyo iandikwe kwenye kalenda kwa saa za Tanzania, hata kama anayeiandika yuko Kanada. Kitendo cha kutuma fedha nacho kina mahali pake, yaani pale anapoishi mtumaji, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoka kazini, atakayefungua simu na atakayewahi saa za benki yake. Kikumbusho cha kitendo hicho kiandikwe kwa saa za mtumaji.

Kwa hiyo malipo moja yahitaji vikumbusho viwili, si kimoja. Familia inayoweka kimoja tu hulazimika kukokotoa tofauti ya saa kichwani kila mara, na tofauti hiyo haibaki ile ile mwaka mzima.

Kwa nini tofauti ya saa hubadilika

Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa moja, ambayo kwenye simu huonekana kama `GMT+03:00` au `East Africa Time`. Saa hiyo haibadilishwi katika mwaka. Omani nayo haibadilishi saa zake, na huitangulia Tanzania kwa saa moja siku zote.

Hali ni tofauti huko Ulaya na sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Katika jiji la Toronto, saa husogezwa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Matokeo yake ni kwamba Toronto huwa nyuma ya Tanzania kwa saa saba katika miezi ya kiangazi chao, na kwa saa nane katika miezi ya baridi. London huwa nyuma kwa saa mbili au tatu kwa utaratibu huo huo.

Mtu aliyezoea kusema "kwetu na kwao ni saa saba" atakuwa sahihi mwezi Oktoba, na atakosea kwa saa nzima mwezi Novemba. Saa moja yaonekana ndogo, lakini benki inapofunga dirisha la malipo, saa hiyo moja ndiyo inayotenganisha aliyelipa na aliyechelewa.

Saa kumi ipi, na usiku upi?

Kabla ya kufika kwenye simu, tuangalie ujumbe wenyewe unavyoandikwa. Sisi tunaozungumza Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, ilhali simu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mama akiandika, "Mwisho wa kulipa ni saa kumi," yeye anakusudia saa kumi jioni, ambayo kwenye simu ni 16:00. Kijana aliyekulia Toronto huenda akaandika 10:00 kwenye kalenda yake, na asione kosa lolote.

Usiku nao una utata wake. Kwa desturi ya watu wa pwani, siku mpya huanza jua linapozama. Kwao "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Simu, pamoja na watu wengi wa bara, huuita usiku huo Alhamisi. Ndugu wawili waweza kukubaliana kwa maneno yale yale na kila mmoja akabaki na siku yake.

Tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu tupu huleta tatizo la tatu. Kwetu 6/11 ni tarehe 6 Novemba, lakini nchini Marekani husomwa kuwa tarehe 11 Juni.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kila ujumbe wa tarehe ya malipo uwe na mambo matano: jina la siku, tarehe, mwezi kwa maneno, saa kwa mtindo wa saa 24, na mahali. Kwa mfano: "Ijumaa, 6 Novemba 2026, 16:00 (saa kumi jioni), saa za Tanzania." Ujumbe huu hauachi nafasi ya kukisia. Ikiwa tukio ni la usiku, andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" pamoja na tarehe na saa zake.

Jinsi simu inavyoitunza saa

Simu nyingi zina njia tatu za kukumbusha, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni kengele ya saa, ile ya kuamkia. Kengele hii hufuata saa ya mahali simu ilipo. Mtu akiiweka 16:00 akiwa Dar es Salaam kisha akasafiri kwenda Maskati, italia saa 16:00 ya Maskati, yaani 15:00 ya Tanzania. Haifai kwa tarehe ya mwisho ya malipo.

Ya pili ni tukio la siku nzima kwenye kalenda, lililoandikwa `All day` au "Siku nzima". Tukio la namna hii halina saa wala mahali. Ni tarehe tu, na kila simu huihesabu tarehe hiyo kwa saa za pale ilipo. Tuseme ndugu aliye Toronto ameweka tukio la siku nzima tarehe 6 Novemba, na simu yake hutoa arifa ya matukio hayo saa 09:00 asubuhi. Arifa hiyo itakapolia, Tanzania itakuwa ni 17:00, saa kumi na moja jioni. Ikiwa mwisho wa kupokea malipo ulikuwa 16:00, kikumbusho kimelia siku sahihi, lakini muda umekwisha kwa saa nzima.

Ya tatu ni tukio lenye saa na lenye mahali. Hii ndiyo njia inayofaa. Unapoandika tukio kwenye kalenda ya simu, tafuta sehemu iliyoandikwa `Time zone` au "Saa za eneo". Kwenye baadhi ya simu sehemu hiyo hufichika mpaka uguse mstari wa saa au ufungue machaguo zaidi. Andika humo Dar es Salaam. Jina hilo lisipoonekana, chagua Nairobi, kwani saa ni ile ile. Kisha andika saa ya tukio kama ilivyo Tanzania, bila kuikokotoa. Simu itaonyesha yenyewe saa ya mahali ulipo, na itarekebisha hesabu pale saa za nchi unayoishi zitakapobadilishwa.

Kwa nchi zinazobadilisha saa, chagua jina la jiji na si herufi `GMT` peke yake. Ukichagua London, kalenda itafuata mabadiliko ya Machi na Oktoba. Ukichagua `GMT`, kalenda itabaki na saa ya majira ya baridi mwaka mzima.

Mfano: ada ya tarehe 6 Novemba 2026

Tuchukue familia ya mfano. Binti anasoma chuoni Morogoro, mama yake anaishi hapo hapo, na kaka yake anafanya kazi Toronto. Chuo kimetangaza kwamba awamu ya kwanza ya ada ilipwe kabla ya Ijumaa, 6 Novemba 2026, saa 16:00. Mama hulipa benki kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo aliyopewa binti. Kaka hutuma fedha kwenye akaunti ya mama, na mtoa huduma wake amemweleza kwamba fedha huweza kuchukua hadi siku tatu za kazi kufika.

Hesabu huanzia mwisho na kurudi nyuma.

Mwisho ni Ijumaa tarehe 6. Hiyo isiwe siku ya kulipa. Likitokea tatizo Ijumaa saa 10:00 asubuhi, kwa mfano fedha zimezuiwa kwa kuwa jina la mpokeaji halikuandikwa sawasawa, mwenye uwezo wa kulirekebisha ni mtumaji, na huko Toronto wakati huo ni saa 02:00 usiku. Mpaka aamke, saa za benki zinakaribia kwisha. Kwa hiyo mama apange kulipa Jumatano tarehe 4, na Alhamisi ibaki kuwa siku ya akiba.

Ili mama alipe Jumatano asubuhi, fedha ziwe zimefika Jumanne tarehe 3. Sasa tunahesabu siku tatu za kazi: Jumanne tarehe 3 ni ya tatu, Jumatatu tarehe 2 ni ya pili, na Ijumaa tarehe 30 Oktoba ni ya kwanza. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Siku ya kutuma yenyewe nayo haihesabiwi, kwa hiyo fedha zitumwe Alhamisi, 29 Oktoba, kabla mtoa huduma hajafunga mahesabu ya siku hiyo. Tarehe iliyoonekana kuwa ya Novemba imegeuka kuwa kazi ya Oktoba.

Vikumbusho vya familia hii vitakuwa hivi:

1. Kaka anaweka tukio la "Kutuma ada" Jumatano, 28 Oktoba, saa 19:00, saa za Toronto. Amechagua jioni ya kuamkia Alhamisi kwa sababu ametoka kazini na ana utulivu wa kuhakiki jina na namba ya akaunti. Akituma jioni hiyo baada ya mahesabu kufungwa, fedha zitahesabiwa kuwa za Alhamisi, na bado yumo ndani ya mpango.

2. Mama anaweka tukio la "Kuangalia kama fedha zimefika" Jumanne, 3 Novemba, saa 15:00, saa za Tanzania. Saa hiyo Toronto ni 07:00 asubuhi. Ikiwa hazijafika, anampata kaka kabla hajaingia kazini.

3. Wote wawili wanaweka tukio la "Mwisho wa ada" Ijumaa, 6 Novemba, saa 16:00, saa za Tanzania, likiwa na arifa ya siku mbili kabla.

Ona jambo lililo katikati ya mpango huu. Jumapili, 1 Novemba 2026, saa za Toronto zinarudishwa nyuma. Kaka anapotuma fedha tarehe 28 Oktoba, tofauti ni saa saba. Saa yake 19:00 ni saa 02:00 ya Tanzania, usiku wa kuamkia Alhamisi. Siku ya mwisho wa ada, tofauti ni saa nane. Hakuna aliyelazimika kulikumbuka hilo, kwa kuwa kila tukio liliandikwa kwa saa za mahali pake.

Namna ya kuhakiki

Baada ya kuandika tukio la mwisho wa ada, kila ndugu aangalie saa inayoonyeshwa kwenye simu yake mwenyewe, kisha awatumie wenzake. Kwa tukio letu la 6 Novemba saa 16:00 ya Tanzania, simu ya Maskati ionyeshe 17:00, ya London 13:00, na ya Toronto 08:00.

Jibu lisilolingana hueleza kosa liko wapi. Simu ya Toronto ikionyesha 16:00, sehemu ya saa za eneo haikujazwa. Ikionyesha 09:00, mwandishi aliikokotoa saa mwenyewe kwa tofauti ya Oktoba badala ya kuiachia kalenda. Ikionyesha 02:00, mtu alisoma "saa kumi" akaandika 10:00. Uhakiki huu hauna gharama, na ufanyike siku ile ile tarehe inapotangazwa.

Siku za kazi hazifanani

Saa ikishakuwa sawa, hubaki siku. Nchini Tanzania benki hufanya kazi zaidi Jumatatu hadi Ijumaa. Nchini Omani mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na wiki ya kazi huanza Jumapili. Kwa hiyo siku ambazo nchi zote mbili ziko kazini kwa pamoja ni nne tu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mtoa huduma anaposema "siku mbili za kazi" kwa fedha zinazopitia benki za pande zote mbili, hesabu siku zile ambazo pande zote mbili zimefungua. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamishia mapumziko yake Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa mwaka 2022, hivyo ndugu aliye Dubai asifuate hesabu ya ndugu aliye Maskati.

Sikukuu nazo ziondolewe kwenye hesabu. Sikukuu za Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, na huweza kutangazwa siku tofauti Tanzania na Omani. Tarehe ya ada ikiangukia karibu na Idd, ongeza siku mbili za akiba badala ya moja.

Mambo ya kuandika ndani ya tukio, na yasiyoandikwa

Ndani ya tukio la kalenda andika kiasi cha ada, jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye ankara, na namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba hiyo huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Iangalie kwenye ankara, kwani ikipita itabidi kuomba nyingine. Usiandike namba ya siri ya simu wala ya benki, hasa kama kalenda inatumiwa na watu zaidi ya mmoja.

Kumbukumbu hiyo ina kazi nyingine ya kinga. Matapeli hutumia umbali na haraka. Ndugu aliye ng'ambo akipata ujumbe usiku kwamba "mwisho ni leo, tuma kwa namba hii mpya," afungue tukio alilohifadhi na alinganishe tarehe na namba. Zisipolingana, asitume mpaka amezungumza kwa sauti na mtu wa nyumbani anayemfahamu, kwa namba ya simu aliyokuwa nayo tangu zamani.

Zoezi la kujipima

Ada ya shule inatakiwa kabla ya Alhamisi, 8 Julai 2027, saa 12:00, saa za Tanzania. Mjomba yuko Maskati. Huduma anayoitumia huchukua siku mbili za kazi za pande zote mbili, naye baba angependa fedha ziwe kwenye akaunti kufikia Jumanne. Je, mjomba atume lini mwishowe, na simu yake ionyeshe saa ngapi kwa tukio la mwisho wa ada?

Jibu: Jumatano, 7 Julai, ni sikukuu ya Sabasaba, na ndiyo maana baba anazitaka fedha Jumanne tarehe 6. Siku ya pili ni Jumanne tarehe 6, na ya kwanza ni Jumatatu tarehe 5. Mjomba atume kabla ya kufungwa kwa mahesabu ya Jumapili, 4 Julai, ambayo kwake ni siku ya kazi. Akichelewa hadi Jumatatu, siku ya pili itaangukia Sabasaba, na fedha zitafika Alhamisi yenyewe, siku ya mwisho. Simu yake ionyeshe 13:00.